Ukifuta ujumbe kundini: sababu iende kwa nani, na iandikwe wapi

"Mimi ni mmoja wa wasimamizi watatu wa kundi la WhatsApp la wakazi wa mtaa wetu huku Bamburi, tuko watu 380 hivi. Juzi mzee mmoja alimwandika fundi wa pampu kuwa ni mwizi, kamla shilingi 4,500, akaweka na picha ya kitambulisho chake. Niliufuta ule ujumbe bila kusema kitu. Sasa mzee anasema nimemvunjia heshima, na watu wamejua kuwa fundi ni binamu ya mke wangu. Wanauliza pia mbona kijana mwingine mwezi jana aliweka jina na namba ya simu ya dereva wa tuktuk na hakuguswa. Nilikosea wapi? Na mwenzangu anataka tuanze daftari la kila tunachofuta. Mimi naona ni kujitafutia balaa."

Kuufuta hukukosea. Kitambulisho kina jina kamili, namba na tarehe ya kuzaliwa, na vitu hivyo vikishafika mikononi mwa watu 380, mwenyewe hana tena namna ya kuvirudisha. Hata kama fundi kweli kala pesa za mzee, picha ile haikuwa na kazi ya kukaa pale. Ulipoteleza ni katika nusu saa iliyofuata.

Tangu 2022 WhatsApp inamruhusu msimamizi wa kundi kufuta ujumbe wa mtu mwingine, lakini haimpi nafasi ya kufanya hivyo kwa siri. Pale ujumbe ulipokuwa panabaki mstari unaosema umefutwa na msimamizi, na jina lako liko hapo hapo. Wewe ulidhani umenyamaza, kumbe simu zote zilionyesha jina lako na pengo. Mtaani pengo kama hilo halikai tupu hata saa moja. Aliyejua habari ya binamu ya mkeo ndiye aliyelijaza, na tangu hapo neno lolote utakalosema linasikika kama la mtu anayejitetea.

Kwa hiyo nianze na zile dakika chache kabla na baada ya kufuta, maana ndizo zinazoamua mengine yote.

Kabla ya kugusa kitu, piga picha ya skrini inayoonyesha ujumbe wote, jina la aliyeutuma, saa, na ujumbe mmoja au miwili ya juu na chini yake. Halafu nakili maneno yenyewe uyaweke pembeni. Ukishafuta, hata wewe msimamizi huwezi kuurudisha, na bila nakala hutaweza kumwonyesha mwenzako ulichokiona wala kumrudishia mzee maneno yake ayaandike upya. Picha ya kitambulisho ni jambo jingine: usiihifadhi ilivyo. Ifunike kwenye ile picha ya skrini kwa boksi jeusi zito. Usitumie ile kalamu ya kupakia rangi juu ya maandishi. Rangi yake hupenyeza, na mtu akiongeza mwangaza wa picha namba husomeka tena.

Sasa bonyeza ujumbe kwa muda, gusa alama ya pipa, kisha chagua `Delete for everyone`. Hapa wengi hukosea kwa haraka wakagusa `Delete for me`. Ukifanya hivyo ujumbe unatoweka kwenye simu yako peke yako, wengine wote wanaendelea kuuona, nawe huna tena cha kubonyeza. WhatsApp hukupa kama sekunde tano za kugusa `Undo`. Zikipita, itabidi umwombe msimamizi mwenzako aumalizie yeye.

Halafu pandisha gumzo uangalie majibu. Aliyejibu kwa kuunukuu ule ujumbe amebeba kipande chake ndani ya jibu lake, na kipande hicho hakiondoki kwa kufuta ujumbe wa kwanza. Ikiwa kilichonukuliwa ndicho chenye namba ya simu au picha ndogo ya kitambulisho, na jibu hilo liondoe, nalo lina mwenyewe wa kuelezwa. Ujue pia kwamba simu zilizowekwa zihifadhi picha zenyewe zinaweza kuwa bado nayo, na aliyekwisha kuisambaza kwingine kaisambaza. Kufuta kunazuia tu macho mapya. Ndiyo maana tangazo la baadaye lina kazi ya zaidi ya adabu.

Kisha mwandikie mwenye ujumbe, pembeni, kabla hujaandika neno kundini. Hili ndilo lililomuumiza mzee. Mtu mzima aliyekaa na uchungu wa pesa zake akafungua simu akakuta maneno yake yameondolewa na kijana wa mtaa, tena bila salamu, hataona kanuni, ataona dharau. Ujumbe wa kumpelekea unaweza kuwa hivi:

"Shikamoo Mzee. Ule ujumbe wako wa leo usiku kuhusu fundi wa pampu nimeuondoa kundini. Sababu ni kanuni ya 3: hatuweki kitambulisho wala namba ya simu ya mtu bila idhini yake. Pia kanuni ya 4: tunaeleza tulichotendewa, hatumwiti mtu mwizi. Malalamiko yako ya pesa hayakukatazwa. Maneno yako ninayo, nakurudishia hapa chini. Ukiondoa picha na neno hilo moja, yaandike tena na yatabaki. Ukiona nimekosea, mwandikie msimamizi mwenzangu, yeye hakuwamo katika uamuzi huu. Atakujibu kabla ya kesho magharibi."

Tazama kilichomo. Ujumbe gani umeondolewa, kanuni gani hasa, kipi kati ya alichosema bado ni halali, na mlango upi abishe akitaka kukata rufaa. Kanuni za Santa Clara za 2018, zilizoandikwa kwa ajili ya kampuni kubwa za mitandao, zinadai karibu mambo hayo hayo: mtu aambiwe ni kipi kilichoondolewa, kifungu gani kimevunjwa, na namna ya kukata rufaa. Wala faida yake si ya heshima tu. Utafiti wa Shagun Jhaver na wenzake uliochapishwa 2019, uliotazama mtandao wa Reddit, uligundua kuwa walioelezwa sababu walikuwa na uwezekano mdogo zaidi wa kufutiwa tena baadaye kuliko walioondolewa kimya kimya.

Sehemu ngumu ya ujumbe ule ni kutenganisha. Alichoandika mzee kilikuwa na vitu vitatu ndani yake: malalamiko (nilimpa 4,500 atengeneze pampu, hajarudi), tuhuma (ni mwizi), na kitambulisho. Cha kwanza ni haki yake kabisa, na pengine ndicho chenye manufaa makubwa kwa majirani wanaotafuta fundi. WhatsApp haikuruhusu kukata kipande cha ujumbe wa mtu mwingine. Ama wote ubaki, ama wote uondoke. Msimamizi asipoeleza, kundi linaelewa kwamba malalamiko ndiyo yaliyofutwa. Kuhusu neno lenyewe, sihitaji kukueleza mkaazi wa Mombasa "mwizi!" linaposemwa mbele ya watu linaita nini. Liliambatana na sura na jina. Hiyo peke yake inatosha kulitoa, hata kabla hatujafika kwenye sheria za kumchafulia mtu jina.

Ikiwa kanuni namba 3 na 4 hazimo popote katika maelezo ya kundi lenu, usizitaje kana kwamba zilikuwamo. Mwambie mzee ukweli: kanuni hii hatukuwa tumeiandika, nimeondoa kwa sababu ya hatari ya kitambulisho, na kuanzia leo imeandikwa kwa wote. Kanuni iliyozaliwa baada ya kosa inaweza kueleza kwa nini ulifuta. Kumwadhibu mtu kwayo haiwezekani.

Baada ya mzee, kundi. Watu wengi hufikiri kuwa uwazi ni kuanika kila kitu hadharani, wakaandika aya nzima yenye jina la mkosaji na kosa lake. Hapo umemfuta mara ya pili. Hadharani panatosha mistari miwili au mitatu isiyo na jina: "Ujumbe wa jana usiku kuhusu fundi wa pampu umeondolewa kwa kanuni ya 3, ulikuwa na picha ya kitambulisho. Aliyeihifadhi tafadhali aifute na asiisambaze. Kuzungumzia kazi ya fundi kunaruhusiwa. Mwenye swali atuandikie pembeni." Wakianza kubishana kundini, usijibu kila mmoja. Jibu mara moja ukirudia kanuni, kisha wapeleke pembeni. Ubishi wa watu kumi mbele ya watu 370 waliotaka tu kujua maji yanatoka lini ndio unaowafanya watu wazuri wazime kundi.

Sasa binamu ya mkeo. Huwezi kuufuta undugu, na hakuna anayekutaka uufute. Unachotakiwa ni kutokuwa wewe wa mwisho kuamua. Kwa jambo la haraka kama kitambulisho, ondoa kwanza, halafu siku hiyo hiyo waandikie wasimamizi wenzako: nimeondoa hiki, fundi ni jamaa yangu, naomba mmoja wenu atazame na aamue kama kibaki kimeondolewa. Kwa jambo lisilo la haraka, kwa mfano mzee angeandika malalamiko matupu na fundi akakupigia simu uyatoe, usiguse kabisa, mpe mwenzako. Na undugu huo useme wewe kabla hawajausema wao. Ukichelewa siku mbili, hata uamuzi sahihi unanuka.

Anayesikiliza rufaa naye ana kazi ndogo tu. Asome nakala, asome kanuni, ajiulize kama ujumbe huo ungeondolewa ukiwa umeandikwa na mtu mwingine kumhusu mtu mwingine. Akiona mlikosea, mrudishieni mwenyewe maneno yake ayaandike tena, na aliyefuta aseme kundini kwamba uamuzi umebadilishwa. Akiona mlikuwa sahihi, amjibu mzee kwa maneno yake mwenyewe. Asinakili tu yale yako.

Tuje kwa yule kijana wa tuktuk, kwa sababu hapo watu wana haki ya kukuuliza. Utafute ujumbe wake na uusome leo kwa kanuni ile ile, bila kufikiria nani alipiga kelele. Jina na namba ya simu ya dereva bila idhini yake: hiyo ni kanuni ya 3, kama kitambulisho. Haikuwa na picha na haikumwita mwizi, kwa hiyo hatari yake ilikuwa ndogo, lakini kanuni imevunjwa. Iondoe sasa, mweleze kijana pembeni kwa adabu ile ile, na mwambie mzee wazi kwamba kwa hilo alisema kweli: tulichelewa, tumerekebisha. Simu ikikunyima chaguo la kufuta kwa kuwa ujumbe ni wa zamani, usihangaike nayo. Mweleze kijana, kisha uandike kwamba ulipitiwa. Usijaribu kutetea tofauti ambayo haikuwapo. Kama tofauti ipo kweli, kwa mfano dereva mwenyewe aliweka namba yake akitafuta wateja, isemeni kwa sentensi moja. Haki haitaki kila ujumbe utendewe sawasawa. Inataka uweze kueleza kwa nini haukutendewa sawa, na maelezo hayo yasitegemee jina la mtu.

Na hapo ndipo daftari la mwenzako linapoingia. Mwezi mmoja tu umepita na tayari mnategemea kumbukumbu ya vichwa vya watu kujua nani alifutiwa nini. Usimwogope mwenzako, hofu yako ielekeze kwenye aina ya daftari. Daftari la balaa ni lile lenye picha nzima za watu, matusi yaliyonakiliwa neno kwa neno, na maoni ya msimamizi kama "huyu mzee mkorofi kila siku". Lenye faida ni kavu. Mstari wa kesi yenu ungekuwa hivi:

"Na. 1. Tarehe 14, 20:14. Mwandishi: herufi mbili za jina. Malalamiko ya 4,500 dhidi ya fundi wa pampu, pamoja na picha ya kitambulisho na neno 'mwizi'. Kanuni 3 na 4. Ujumbe umeondolewa 20:31 na msimamizi A, ambaye ni jamaa wa fundi. Mwandishi hakuelezwa siku hiyo. Ameelezwa tarehe 17. Rufaa: imesikilizwa na B, kuondolewa kumebaki, ruhusa ya kuandika upya imetolewa."

Ona kwamba kosa lako mwenyewe limo: hakuelezwa siku hiyo. Daftari linaloandika makosa ya wanachama peke yao watu watalijua ni la upande gani. Kipimo changu ni hiki: andika kila mstari kana kwamba aliyefutiwa atausoma, maana siku moja ataomba kuusoma, na inafaa aonyeshwe wa kwake.

Jambo dogo ambalo limewahi kuzua mabishano ya bure: saa. Simu inaandika 20:14, sisi tunasema saa mbili na dakika kumi na nne usiku. Msimamizi mmoja akiandika 2:14 na mwingine 20:14, baada ya wiki tatu hamtajua kama ujumbe ulifutwa baada ya dakika kumi na saba au kabla haujaandikwa. Daftarini andikeni ya kwenye skrini, kwa mtindo mmoja. Mkizungumza na watu, semeni ya Kiswahili.

Liwekeni kwenye jedwali moja linalofunguliwa na nyinyi watatu tu, au daftari la karatasi linalokaa kwa mmoja wenu. Lisikae ndani ya gumzo la wasimamizi: mtu akiwasha ujumbe wa kutoweka kwa siku 7 au 90, kumbukumbu inaondoka nao. Kila mstari uutoe baada ya miezi sita, na picha za skrini mapema zaidi, mara rufaa ikishakwisha. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaacha nje mambo ya mtu binafsi na ya nyumbani, lakini kundi la watu 380 lenye wasimamizi na daftari ni vigumu kuliita la nyumbani. Enendeni kana kwamba inawahusu: andikeni kidogo, mlifungie daftari, msikae nalo kuliko inavyohitajika. Msimamizi akijiuzulu, aondolewe kwenye jedwali siku hiyo hiyo. Hilo husahauliwa kuliko yote.

Yako mambo ambayo hayamalizwi kwa kufuta na kuandika mstari. Ikiwa kundini kumeanza maneno ya "tukutane kwake leo usiku", piga picha ya skrini, ondoa, na papo hapo mpigie mzee wa mtaa au uende kituo cha polisi kilicho karibu. Hapo kanuni za kundi ni jambo la pili. Ikiwa ni picha ya utupu ya mtoto, usiipige picha ya skrini, usiihifadhi, wala usiisambaze hata kwa wasimamizi wenzako kama ushahidi. Iondoe, andika tu saa na aliyeituma, na ripoti polisi. Namba 116 ya kuwasaidia watoto haina malipo. Zile 4,500 nazo zina mahali pake. Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai ya hadi shilingi 1,000,000 na imewekewa siku 60 kumaliza kesi, na mtu anaweza kwenda mwenyewe bila wakili. Mtajie mzee hilo. Kundi halina uwezo wa kumlipa.

Ila usimtajie kwa simu. Kwa hali ilipofika, ujumbe ule mzuri niliokuandikia hapo juu umeshachelewa kwake. Nenda umwone nyumbani, baada ya alasiri anapokuwa barazani, wewe na yule msimamizi mwenzako asiye na undugu na fundi, watu wawili tu. Muamkie, muombe radhi kwa kutomweleza siku ile, kisha mwenzako ndiye aseme sababu ya kuondoa. Mpelekee maneno yake kwenye karatasi, bila picha na bila neno lile, umuulize kama angependa yarudi kundini hivyo. Akisema hataki tena, iandikeni hiyo pia kwenye mstari wa Na. 1, na uzungumze na binamu ya mkeo kuhusu ile pampu.